Mama yangu na watoto sita kwenye meza moja

Mama yangu alifundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi hadi miguu ilipomkatalia kusimama asubuhi nzima. Pensheni yake ni ndogo na huchelewa, na mtu hawezi kuihesabu anapopanga unga wa mwezi. Leo anapata fedha zake kwenye varanda ya nyumba yetu, Katuba, akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto, na mbele yake watoto sita kuzunguka meza moja. Mimi ndiye ninayeshika daftari la malipo, kwa hiyo najua kinachoingia. Kwa kuwa chumba chetu kinatazama varanda ile, najua pia kinachofundishwa.

Katika kartie yetu masomo ya nyumbani yapo kila mahali. Kwa kawaida kijana aliyemaliza sekondari hukusanya watoto ishirini jioni, huwapa mazoezi yale yale waliyopewa asubuhi shuleni, kisha huandika majibu ubaoni wanakili. Daftari hujaa na mzazi huridhika. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019, watoto wengi ambao zamani wangefukuzwa kwa deni wamebaki darasani. Hilo ni jambo jema na nitalitetea daima. Lakini madarasa yamejaa, mtoto anaweza kufika mwaka wa nne bila mwalimu hata mmoja kupata dakika tano za kumsikiliza akisoma peke yake, na masomo ya jioni ya watoto ishirini hayampi dakika hizo pia.

Mama aliliona pengo hilo. Hafundishi yale yaliyofundishwa asubuhi. Anauza kitu kimoja tu, nacho ni sikio lake.

Mtoto wa kwanza aliletwa na baba yake, fundi viatu anayefanya kazi karibu na soko la komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nitamwita Kabamba, kwa sababu jina lake halisi si langu la kuweka hapa. Alikuwa na miaka kumi, mwaka wa nne, na baba alisema anasoma vizuri ila hafaulu. Mama akamwomba afungue kitabu chake cha Kifaransa. Kabamba akasoma ukurasa mzima bila kusita, sauti safi, hata akipandisha na kushusha mahali panapofaa. Baba akatabasamu. Mama akachukua kipande cha karatasi, akafunika mstari wote, akaacha wazi neno moja la katikati. Kabamba akanyamaza. Akafunuliwa neno jingine, la mstari wa chini. Akanyamaza tena, kisha akataja neno ambalo halikuwapo kwenye mstari ule lakini lilikuwapo kwenye ukurasa.

Alikuwa amekariri. Watoto werevu ndio wanaoweza kujificha hivyo kwa miaka, kwani darasa likisoma kwa pamoja kwa sauti, mwenye kumbukumbu nzuri hufuata wenzake nusu sekunde nyuma na hakuna anayegundua. Mama husema dalili ni macho: mtoto aliyekariri hutazama mbele au juu, na kidole chake hakiendi sawa na mdomo.

Baada ya hapo hufuata kipimo chenyewe, ambacho huchukua kama robo saa, na kila mtoto mpya hupita hapo kabla baba au mama yake hajalipa hata faranga moja. Kwanza ni herufi moja moja, zilizochanganywa, na mtoto anaombwa sauti ya herufi, si jina la herufi. Kabamba alijua majina yote ya Kifaransa. Lakini ukijua kwamba b inaitwa be na a inaitwa a, ukiziunganisha unapata bea, hupati ba. Alikuwa na alfabeti kamili kichwani na haikumsaidia kusoma hata silabi moja. Pili ni silabi zisizo na mpangilio: ko, mi, ta, lu, be. Mpangilio ni muhimu kuvunjwa, maana ba be bi bo bu hata mtoto wa chekechea huimba bila kutazama. Tatu ni maneno yasiyokuwapo duniani, ambayo Mama huyatunga hapo hapo: kedo, mupa, litabo. Neno la kweli mtoto anaweza kulikisia kwa herufi ya kwanza. Litabo hawezi kulikisia. Atalisoma au hatalisoma. Nne ni hadithi fupi, kwa wale waliovuka hatua zote tatu, na mwisho wake Mama huuliza maswali mawili kuhusu kilichosomwa.

Kabamba aliishia hatua ya pili. Mama akamweleza baba yake waziwazi kwamba mtoto ataanza upya kusoma, na ataanza kwa Kiswahili. Hapo ndipo biashara ilipokaribia kufa siku ile ile.

“Mama Mwalimu, Kiswahili tunasemaka ku nyumba,” baba akasema. “Minalipa juu ya Kifaransa.”

“Unipe mwezi moja, baba,” Mama akamjibu. “Kama haoneshe kitu, feza yako nitakurudishia.”

Pingamizi lile tumelisikia kwa karibu kila mzazi, na nalielewa, kwa sababu mitihani ni ya Kifaransa, vibao vya ofisi ni vya Kifaransa, na mzazi anayelipa kwa jasho anataka kuona kile anachokosa yeye mwenyewe. Lakini sababu ya Mama ni ya kazi, si ya mapenzi ya lugha. Kusoma ni kuunganisha alama na sauti, kisha sauti na neno unalolijua. Mtoto wa Katuba anayejifunza kusoma kwa Kifaransa anabeba mizigo miwili kwa pamoja: hajui alama, na hata akifaulu kuzitamka hajui kama neno lililotoka ni sahihi, kwa sababu hajawahi kulisikia. Kwa Kiswahili akitamka ku-ku, uso wake unabadilika mara moja. Amejua mwenyewe kwamba amepata. Tena maandishi ya Kiswahili hayamdanganyi: irabu ni tano, kila moja ina sauti ile ile popote ilipo, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Kifaransa kina sauti moja inayoandikwa kwa njia nyingi na herufi nyingi za mwisho zisizotamkwa. Mkondo huo ni mkali mno kwa mtu anayejifunza kuogelea.

Kuna faida nyingine ambayo Mama hakuitaja siku ile, ikaonekana baadaye. Nyumbani kwa Kabamba yupo bibi asiyejua kusoma. Zamani mtoto alipofungua kitabu cha Kifaransa na kusema chochote, bibi aliitikia tu. Alipoanza kupeleka nyumbani hadithi za Kiswahili, bibi akawa mwalimu wa pili, kwa sababu mtoto akiruka neno, hadithi inakuwa haina maana, na bibi anamkatiza: “Hapana, rudilia, hiyo haiende.” Msaada huo haulipiwi, nao upo katika kila nyumba.

Kazi ilianza na irabu tano, kisha herufi m. Wasiojua huanza na b kwa kuwa iko mbele kwenye alfabeti. Mama huanza na m kwa sababu mtoto anaweza kuishikilia mdomoni muda anaotaka, mmmm, halafu akaifungulia kwenye a bila kukata pumzi. Hapo muungano wenyewe unasikika, na mtoto aliyezoea kusema majina ya herufi anaelewa kwa mara ya kwanza anachotakiwa kufanya. B hailingani na hilo, kwani hulipuka na kupotea. Baada ya m huja n, l na s, ambazo nazo zinavutika, ndipo k, t, b na p. D huachwa hadi b iwe imekaa kabisa, kwa sababu zinatofautiana upande wa tumbo tu, na ukizifundisha wiki moja unamtengenezea mtoto ugonjwa wa mwaka mzima.

Vitabu hatuna vya kutosha, kwa hiyo hadithi anaziandika Mama mwenyewe kwenye daftari, akitumia silabi zile tu ambazo watoto wamekwisha kuzipata. Moja ya kwanza ilikuwa hii:

Kaka ana kuku. Kuku anapotea. Kaka analia. Mama anasema: kuku ule pale! Kuku anakula sima.

Hakuna picha. Niliwahi kumwambia nitamchorea, akakataa, kwa sababu ukichora kuku juu ya ukurasa mtoto atasoma kuku kwenye picha. Picha huja baada ya kusoma, na mara nyingi watoto wanaichora wao, ambayo pia ni njia ya kujua kama wameelewa.

Saa moja inagawanywa hivi. Dakika kumi za kwanza ni silabi ubaoni, wote kwa pamoja, kisha mmoja mmoja akionyeshwa kwa fimbo bila mpangilio. Ubao ni kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kisha kama nusu saa ni ya kusoma kwa sauti: mtoto mmoja anakuja karibu na kiti cha Mama, wengine wanasoma kimya au wanaandika. Dakika zilizobaki ni imla, silabi kwanza, maneno baadaye, na kila mtoto anasahihisha kwa kutazama ubao. Nusu saa kwa watoto sita ni dakika tano kila mmoja. Ukiweka watoto kumi zinakuwa tatu, na katika dakika tatu mtoto anayehangaika hamalizi hata mistari minne. Hiyo ndiyo sababu ya sita. Wazazi wameshika mlango wakiomba wa saba, na Mama amekuwa mkali juu ya hilo kuliko juu ya pesa.

Lakini watoto sita ni pesa kidogo, na ndiyo maana kuna makundi mawili. Shule nyingi za mjini hupokea watoto kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Wale wa mchana wanakuja kwetu saa mbili asubuhi, na wale wa asubuhi wanakuja saa tisa alasiri, wakiwa wamekula. Siku ni nne kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Katikati ya makundi Mama analala kidogo, na Ijumaa ni yake. Kundi la tatu lingewezekana jioni, ila umeme hukatika na macho yake hayapendi taa ya betri. Hatukulianzisha.

Bei ni faranga 2,500 kwa wiki kwa mtoto. Mwanzoni nilipendekeza malipo ya mwezi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kazini. Mama akanikumbusha wazazi hawa ni akina nani: fundi viatu, muuza makala ya kupikia, dereva wa teksi, mama anayekaanga mikate. Wanapata kwa siku. Ukiwaomba 10,000 mwisho wa mwezi wataona aibu, watapitia barabara nyingine, na mtoto ataacha kuja. Ukiwaomba 2,500 Jumamosi, siku ambayo fedha huzunguka, wengi wanayo. Kiasi ni kile kile, lakini deni halipati muda wa kukua hadi likafukuza mtoto.

Ninayoyaandika kwenye daftari ni haya. Kati ya watoto kumi na wawili, tisa wanalipa kamili, ambayo ni 22,500. Wawili ni wadogo wa wenzao waliomo, wanalipa nusu, 2,500 kwa pamoja. Mmoja analelewa na shangazi ambaye hana kitu, halipi, na jambo hilo halijadiliwi mbele ya mtu. Jumla inayotarajiwa ni 25,000 kwa wiki. Inayofika Jumamosi yenyewe mara nyingi ni karibu 20,000, na iliyobaki huingia wiki inayofuata au hugeuka kitu kingine. Mama anayeuza makala hulipa kwa makala, nami naandika thamani yake kwa bei ya sokoni siku hiyo, mbele yake, ili kesho pasiwe na maneno. Chaki, karatasi na madaftari ya hadithi hula kama 6,000 kwa mwezi. Mezani palitakiwa mabenchi mawili, ambayo fundi seremala wa avenyu yetu aliyatengeneza kwa kulipwa polepole, na mtoto wake alisoma bila malipo hadi deni likaisha.

Si utajiri. Inatosha unga, makala ya kupikia, na dawa za presha za Mama. Muhimu kwangu ni kwamba inaingia kila wiki, na kwamba imemfikia bila kumlazimu kusimama jua kali akiuza kitu. Nimeona walimu wenzake waliokopa mtaji wa duka dogo na kula bidhaa zote ndani ya msimu mmoja kwa sababu jirani huwezi kumnyima mkopo wa sukari. Hapa mtaji ni kitu ambacho hakiliwi.

Yapo mambo yanayokwama, na Mama amejifunza kuyatambua mapema. Msichana mmoja alisoma vizuri mezani lakini akakosea ubaoni. Mama akamsogeza hatua mbili mbele, akasoma. Akamrudisha, akakosea. Hakuhitaji masomo, alihitaji macho yake yapimwe, na Mama aliwaambia wazazi hivyo siku ile ile badala ya kuendelea kupokea fedha zao. Mvulana mwingine alikuwa sawa Jumatatu na mzito Alhamisi, kila wiki, na ilichukua muda kugundua kwamba mwisho wa wiki chakula cha nyumbani hupungua. Sasa alasiri kuna sufuria ya uji, kwa wote, ili asionekane mmoja. Na kuna mtoto ambaye baada ya miezi mitatu bado alisahau leo silabi alizozijua jana. Mama alikiri kwa wazazi kwamba amefika mwisho wa anachokijua, akawashauri kumtafutia mtu aliyesomea watoto wa namna hiyo. Hakuna kipimo cha varandani kinachoweza kuonyesha kilichomo kichwani mwa mtoto yule.

Turudi kwa Kabamba. Mwezi ule mmoja ulipoisha, alisoma hadithi ya kuku mbele ya baba yake, halafu Mama akaandika ubaoni maneno ya uongo matatu, akayasoma yote. Baba hakuzungumzia tena kurudishiwa fedha. Kabla ya Krismasi alikuwa amemaliza silabi zinazoanza na konsonanti mbili, mba, nda, nja, cha, sha, nya, na anasoma ukurasa wa Kiswahili kwa mwendo unaomwezesha kukumbuka mwanzo wa sentensi anapofika mwisho. Mwendo huo Mama huusubiri kabla ya kugusa Kifaransa. Anayesoma silabi moja moja kwa taabu hufika mwisho akiwa ameshasahau alianzia wapi, na kumwongezea lugha nyingine wakati huo ni kumrudisha kwenye kukariri.

Januari wakavuka. Hapo Mama hamfundishi mtoto kusoma mara ya pili. Anamwonyesha mahali ambapo Kifaransa kinaachana na Kiswahili, hapo tu, jambo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza: sauti yetu ya u kwao huandikwa ou. Wiki ya pili: ch kwao ni sh yetu. Kisha oi husomwa wa, na au husomwa o. Kisha e ya mwisho ambayo mara nyingi hainenwi. Kisha c, ambayo mbele ya a, o na u ni k, lakini mbele ya e na i ni s. Zile za puani, an, on na in, huja mwisho na huchukua wiki nyingi, kwa sababu mtoto wa Kiswahili anataka kuitamka n yake wazi. Sauti ya u ya Kifaransa yenyewe, isiyo na o, nayo haipo kabisa kwetu, na mdomo unatakiwa kuizoea. Kila kanuni ina ukurasa wake kwenye daftari, na mtoto huwinda mifano katika kitabu chake cha shule na kuipigia mstari.

Aprili Kabamba alifunikiwa tena mstari kwa karatasi, kwenye kitabu kile kile cha kwanza, neno moja moja, kutoka chini kwenda juu. Alisita kwenye mawili. Mama akamwita baba yake akamwambia mtoto amemaliza, asije tena.

Nilisikitika, nakiri, kwa kuwa ni 2,500 iliyoondoka kwa hiari yetu, na baba alikuwa tayari kuendelea kulipa hadi mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Mama hafanyi hivyo. Anasema mtoto anayesoma anaweza kujifunza mengine darasani, na kiti chake kinahitajika. Amekataa pia kundi la maandalizi ya mtihani huo, ingawa ndilo lingelipa zaidi, kwa sababu wazazi hutaka aahidi matokeo.

Kiti hakikukaa wazi wiki nzima. Fundi viatu mwenyewe ndiye aliyeleta mtoto aliyefuata, binti wa mwenzake wa sokoni, mwaka wa tatu. Silabi anazijua karibu zote, ila kila penye b anasema d, na penye d anabahatisha. Mama ameondoa d kwenye hadithi zote za binti huyo, na wiki hii wanasoma b peke yake.